Simu ya mtumba Dodoma: namna ya kuipokea mkononi na kuilipia

Muuzaji amekwambia, "Simu ipo, njoo uchukue mwenyewe." Bei ni 250,000. Yeye anakaa Nkuhungu, wewe Ipagala. Usiende kwake, na usimwelekeze kwako. Mwandikie hivi: "Kaka, tukutane Nyerere Square kesho saa nne asubuhi. Njoo na chaji, boksi na kitambulisho." Ni katikati ya mji na watu wapo. Akianza kukuhamisha, mara njoo kichochoroni, mara nimemtuma mdogo wangu, achana na hiyo simu. Na usitume hata senti ya "kushikilia mzigo".

Mmeshakutana. Kaeni kivulini, maana kwenye jua la Dodoma huwezi kuona doa kwenye kioo. Tazama hapa: nabonyeza *#06#. Zinatokea namba za IMEI, kila moja ina tarakimu 15. Zilinganishe na za kwenye boksi, kisha tuma mojawapo kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Jibu likitaja aina nyingine ya simu tofauti na uliyoshika, irudishe palepale.

Sasa weka laini yako, piga simu, ongea. Jirekodi sauti na uisikilize. Chomeka chaji, kisha itikise waya taratibu. Kama inashika na kuachia, mulika tundu kwa tochi: huenda ni vumbi tu limejaa, na vumbi husafishika, lakini tundu lililolegea ni gharama ya fundi.

Hapa ndipo wengi huumia, kwa hiyo msinipite. Mwombe muuzaji aondoe akaunti yake ya Google kwa mkono wake, aifute simu yote kupitia Mipangilio, kisha iwashwe upya mbele yenu. Ikiomba nenosiri la mmiliki wa zamani, bado imefungwa. Asiyejua nenosiri hilo huenda simu si yake, na wewe ndiye utakayeulizwa ukikutwa nayo.

Imepita yote? Lipa sasa, mkiwa mmekaa. Ingiza namba yake, na kabla ya kuweka namba ya siri soma jina linalotokea. Liwe lile lile la kwenye kitambulisho. Akisema "tuma kwa namba ya shemeji", kataa. Na wewe muuzaji, usiachie simu kwa kuonyeshwa ujumbe tu, kwani ujumbe hughushiwa. Angalia salio lako mwenyewe kwenye menyu.

Karatasi moja inatosha:

"Mimi (jina, namba ya simu) nimemuuzia (jina) simu aina ya ..., IMEI ..., kwa shilingi 250,000. Tarehe, saa, mahali. Namba ya muamala ..."

Namba ya muamala iandikeni kutoka kwenye ujumbe wa malipo, herufi kwa herufi. Sainini wote wawili, kila mmoja aipige picha, na ujumbe wenyewe usiufute.