Ripoti Moja ya Mama, Si Arubaini za Darasa

Asalaam aleikum wazazi wangu, walimu wenzangu, na vijana mlioketi kule nyuma. Nimeombwa nizungumzie akaunti feki zinazowacheka watoto wetu. Nitawasimulia moja tu, niliyoishughulikia mwenyewe hapa Lamu.

Ni binti wa kidato cha pili, kwao Pate, amekaa kwa shangazi yake hapa mjini. Facebook hana, simu hana. Siku moja aliingia darasani, na kila alipofungua mdomo wenzake wakamrudishia maneno yake kwa lafudhi ya Kipate, huku wakiangua vicheko. Kumbe kuna akaunti yenye jina lake kamili na picha yake ya sare ya shule, inayoandika kila siku Kipate cha kubuni, eti ni yeye. Mtoto alikaa siku nne bila kujibu swali lolote darasani.

Wenzake waliomhurumia, kama arubaini hivi, walibonyeza Report usiku mmoja. Mmoja alichagua matapeli, mwingine chuki, mwingine picha za uchi, wakidhani kosa kubwa ndilo linalosikilizwa. Asubuhi jibu likaja: akaunti haijavunja kanuni. Walivunjika moyo, nami siwalaumu. Lakini anayepitia ripoti hutazama kosa lililotajwa. Ukimwambia kuna uchi, atatafuta uchi, asipouona anafunga. Na wingi wa ripoti hauongezi uzito.

Kosa lenyewe lilikuwa kujifanya mtu mwingine, na hapo Facebook hutaka kumsikia mwenye jina au anayemwakilisha. Ukichagua kwamba akaunti inajifanya rafiki yako, utatakiwa umtaje rafiki huyo kwa akaunti yake. Binti wetu hana akaunti, basi njia hiyo imefungwa. Iko fomu katika kurasa za msaada za Facebook ambayo hata asiye na akaunti huijaza, na mzazi anaweza kumjazia mwanawe. Mama alivuka kutoka Pate kwa boti, tukaketi naye, tukaijaza pamoja na picha ya kitambulisho chake.

Kabla ya kuijaza, tulifanya jambo ambalo wengi husahau. Tulipiga picha za skrini, nzima bila kukata, zenye tarehe, saa na anwani ya ukurasa. Jina la akaunti hubadilishwa kwa dakika moja, lakini anwani ya namna hii hubeba namba isiyobadilika hata jina likibadilishwa:

```
facebook.com/profile.php?id=
```

Namba inayofuata hapo ndiyo niliyoiandika daftarini. Akaunti ikishaondolewa, wewe huna tena cha kuonyesha. Kukiwa na vitisho, au picha za aibu, nendeni polisi kwanza. Polisi wakiomba rasmi, Meta, kampuni yenye Facebook, huhifadhi kumbukumbu za akaunti kwa siku 90 wakisubiri amri ya kisheria. Na picha za uchi za mtoto usizipige skrini wala kuzituma kwa mtu, hata kwa nia njema. Andika anwani tu, upige 116, simu ya bure ya watoto.

Akaunti ya binti iliondoka siku ya tatu. Walimu mniulizao habari zenu: akaunti inayowacheka bila kujifanya ni ninyi ripotini kama uonevu, na afadhali aripoti mwenyewe anayechekwa, maana kwa mtu mzima mara nyingi wanataka sauti yake.

Sasa shule. Mkuu alituambia, "Hayo ya mtandaoni, hayatuhusu." Nikamfungulia ukurasa wa shule yake. Picha ile ya sare ilitoka pale, siku ya michezo, na jina la mtoto limeandikwa chini yake. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia taarifa za mtoto. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza shule moja nchini faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi bila idhini. Mkuu alinyamaza kidogo, kisha akamwita mwalimu anayesimamia ukurasa. Majina yote yalifutwa jioni ile.

Tulimwomba jambo moja zaidi: asiwasimamishe washukiwa mbele ya gwaride. Kumtafuta aliyefanya kwa kukisia kungemrudisha binti kwenye vicheko, safari hii uwanjani. Aliwaita wazazi faragha, kila mmoja kwa wakati wake, na kijana mmoja akakiri mbele ya babake.

Barua tuliyoiandikia shule kuhusu picha na majina nimeitoa nakala, ziko pale mlangoni. Mwenye mtoto aliyepigwa picha siku ya michezo apite achukue, ajaze jina la shule, aipeleke Jumatatu.