Kabla hujawasha gari kwenda Moshi, angalia tarehe ya bima

Ndugu zangu, wengi wenu mnakwenda Kilimanjaro kwa gari wiki ya Krismasi. Naomba mtazame tarehe ya kwisha kwa bima zenu leo. Bima inayokwisha tarehe 24 Desemba inakwisha usiku wa siku hiyo, hata kama uko njiani Korogwe. Na kwa Sheria ya Bima ya 2009, kinga haianzi mpaka ada ilipwe. Ukigonga asubuhi ya 25 ukalipa mchana, ajali ile ni yako peke yako.

Wapo wanaosubiri wakidhani wakihuisha mapema watapoteza siku walizozilipia. Hawapotezi. Lipa leo, mwambie wakala aandike kinga mpya ianze tarehe 25, siku inayofuata ile ya zamani. Wenye bima kubwa ndio nawasihi zaidi, kwa sababu ukiiacha ikatike, kampuni inaweza kudai gari likaguliwe upya, na mkaguzi wa kumpata sikukuu ni shida.

Sasa gharama. Kwa gari dogo la binafsi, bima ndogo ni shilingi 100,000 kwa mwaka, bima kubwa asilimia 3.5 ya thamani ya gari, na VAT inaongezwa juu. Gari la milioni 15, basi, ni 525,000 kabla ya VAT. Tofauti ni kubwa, najua, lakini tazama inanunua nini.

Tuseme gari hilo limemgonga mwenye pikipiki pale Segera kwa kosa lako, na lako limeharibika, matengenezo ni milioni 4. Bima ndogo inashughulikia madai ya yule uliyemgonga. Hiyo milioni 4 unaitafuta mwenyewe. Ukiwa na bima kubwa, kampuni inatengeneza na lako, ukitoa kwanza sehemu iliyoandikwa kwenye mkataba. Ikiwa ni asilimia 10 ya dai, utatoa 400,000. Usishushe thamani ya gari ili ada ipungue. La milioni 15 ukiliandika milioni 10, mkataba wenye sharti la uwiano utakulipa theluthi mbili tu ya matengenezo.

Jambo linaloniumiza kila Desemba ni abiria wa kulipa. Gari limekatiwa bima ya matumizi binafsi, mwenye nalo anaokota watu Ubungo, kila mmoja anatoa nauli. Kampuni ikigundua ina haki ya kukataa dai, na abiria watatoa maelezo polisi bila kuficha kwamba walilipa. Kumpa shemeji lifti hakuna tatizo. Ukitaka nauli, kata bima ya biashara.

Ukishalipa, usiridhike na risiti. Fungua tiramis.tira.go.tz, andika namba ya gari, usome aina ya bima na tarehe zake. Isipoonekana, mpigie aliyekukatia kabla hujaondoka.