Goti Lililokwama na Goti Linalonasa

(Mhadhara kwa waongozaji na wapagazi wa mlimani, Moshi)

Shikamooni wazee. Na nyie wagumu mlioshuka jana, karibuni, kaeni mnyooshe miguu. Mnaoweza kuinyoosha, maana hapo ndipo penye habari yangu ya leo.

Kijana mmoja wa miaka 26 alikuwa anashuka njia ya Mweka na mzigo. Mguu ukabanwa kati ya mawe, mwili ukageuka, akasikia "ko!" Goti likabaki limekunjika kidogo. Wenzake wakalikandamiza linyooke. Akapiga kelele, halikunyooka. Uvimbe ukaja kesho yake.

Ndani ya goti mna gegedu mbili zenye umbo la mwezi mchanga, ziitwazo meniskasi. Zinapokea uzito kati ya paja na muundi. Yake ilichanika kwa urefu, ukanda wake ukapinduka na kukaa katikati ya goti, kama mpini wa ndoo ulioangukia upande wa pili. Ukilikandamiza goti la namna hiyo, unausaga ukanda wenyewe. Msifanye.

Alipofika kwangu siku ya kumi nilimlaza kifudifudi, miguu ikining'inia nje ya kitanda kuanzia magotini. Kisigino cha upande ulioumia kilibaki juu kuliko mwenzake kama upana wa ngumi. Maumivu nayo huweza kulikaza goti, lakini kwa kawaida hilo hulegea uvimbe ukipungua. Lake halikulegea. Kipimo cha MRI kikauonyesha ukanda.

Huyo mazoezi hayamtoshi. Ni upasuaji, na mapema, kwa sababu ukanda ukisagwa kwa miezi haushoneki tena. Wake ulichanika karibu na ukingo wa nje, penye damu, kwa hiyo ukashonwa. Kushona kuna gharama ya subira: magongo, wiki sita bila kukunja goti kupita nyuzi 90, na karibu nusu mwaka kabla ya mzigo. Kukata kipande ni haraka zaidi, ila goti hupoteza mto wake na husagika mapema.

Sasa shangazi yake, miaka 54, alijikunja akichuma kahawa. Goti linanasa akishuka ngazi, akilitikisa linaachia. Visigino viko sawa. MRI yake nayo ilionyesha mchaniko, akataka apasuliwe kama mpwa wake. Nilikataa. Katika umri huo michaniko mingi iko kwenye magoti yasiyouma kabisa. Tena Wafini walitoa utafiti mwaka 2013: wagonjwa wa namna yake, wengine walikatwa meniskasi, wengine walichunguliwa goti kwa kamera tu, wakaigiziwa upasuaji bila kukatwa meniskasi. Baada ya mwaka mmoja hali zao zilikuwa sawa.

Akafanya mazoezi ya paja na nyonga wiki 12. Bado linanasa mara mojamoja, lakini kahawa amechuma.

Swali? Ndiyo, mzee wa nyuma.

"Na kijana akikwama njiani, tumshushe vipi?"

Goti likiwa limekunjika vilevile lilivyo, mto chini yake, kwenye machela.