Dhamana Binafsi na Nyumba ya Mamboleo

Wafanyabiashara wenzangu wa Kisumu, leo nazungumzia karatasi moja tu: dhamana binafsi, ile ambayo mkurugenzi hutia sahihi kampuni yake inapokopa, akiahidi kulipa yeye mwenyewe kampuni ikishindwa. Wengi huiona nyepesi kwa kuwa benki haikuchukua hati miliki ya nyumba.

Tuseme wawili wana duka la vifaa vya ujenzi hapa Kibuye. Kampuni inakopa milioni 3, nao wote wanadhamini. Deni linaposhuka hadi milioni 1, mmoja anajiuzulu ukurugenzi na kuhamia shughuli nyingine. Aliyebaki anachukua ovadrafti ya milioni 2, kisha biashara inaanguka. Benki inaweza kumdai yule aliyeondoka, peke yake, milioni 3 nzima na riba juu yake. Mbona? Karatasi ilisema anadhamini madeni yote ya kampuni, ya sasa na yajayo, kwa pamoja na kila mmoja peke yake. Kujiuzulu hakufuti maneno hayo.

Sasa nyumba. Yule aliyeondoka anayo mtaani Mamboleo, kwa jina lake, anaishi humo na mkewe. Angeiweka rehani, Sheria ya Ardhi ya 2012 ingedai mke aridhie, na benki ingetoa notisi ya miezi mitatu, kisha ya siku 40, kabla ya kuuza. Dhamana inapitia njia nyingine. Mke anaweza asijue lolote. Benki inamshtaki mdhamini, inapata hukumu, na asipolipa inaomba mahakama ikamate mali yake, nyumba ikiwemo. Mke anaweza kupinga akionyesha haki yake ndani ya nyumba, lakini wakati huo dalali ameshaingia kazini.

Kwa hiyo jadilianeni na benki kabla ya sahihi, maana baada yake hamna nguvu. La kwanza kwangu ni kikomo: andikeni kiasi cha juu, riba na gharama zikiwa ndani yake, na dhamana ihusu mkopo huu tu. Kikomo kisichotaja riba hakikukingi sana. Mkiwa wawili, ombeni kila mmoja abebe nusu yake. Benki itakataa mara nyingi; basi ipeni kitu mbadala, kwa mfano stoki, lori au mashine, ambavyo tangu sheria ya 2017 husajiliwa kama dhamana ya mali inayohamishika. Ombeni pia iandikwe kwamba vitauzwa kwanza, kwa kuwa karatasi za kawaida huiruhusu benki imwendee mdhamini moja kwa moja.

Anayetoka kwenye kampuni asiondoke bila barua ya benki inayomwachilia. Ikikataa, aipe notisi ya maandishi kwamba hadhamini mikopo mipya, kwa utaratibu ulioandikwa ndani ya dhamana. Yule wa Kibuye angefanya hivyo siku anajiuzulu, angebaki akidhamini lile deni la milioni 1 tu.

Na kumhamishia mke nyumba wakati barua za madai zimeanza kufika? Mahakama inaweza kubatilisha uhamisho huo ikiona ulikusudiwa kuwakwepa wadai.