Muhtasari wa Ukoo Hautoi Mtoto

Ndugu zangu, nimeombwa tuzungumzie ugomvi wa ndugu juu ya watoto yatima hapa Tanzania. Nitashika jambo moja ambalo ndilo linalopoteza kesi nyingi, nalo ni kuchanganya mirathi na malezi.

Tuchukue mfano. Wazazi wote wawili wamefariki. Wameacha mtoto wa miaka 11 na mdogo wake wa miaka 5, pamoja na nyumba Morogoro yenye vyumba vitatu vya kupangisha, kila kimoja shilingi 50,000 kwa mwezi. Watoto wanaishi na bibi yao mzaa mama katika nyumba hiyohiyo, na mkubwa anasoma shule ya jirani. Ukoo wa baba unakaa kikao, unamteua baba mdogo kuwa msimamizi wa mirathi, naye anapeleka muhtasari Mahakama ya Mwanzo. Anapata barua ya usimamizi. Wiki inayofuata anafika na gari kuwachukua watoto kwenda Mwanza.

Baba mdogo huyu si lazima awe mtu mbaya. Anaamini kabisa kwamba mahakama imempa watoto. Lakini barua ile inamruhusu kukusanya mali ya marehemu, kulipa madeni na kugawa kwa warithi, basi. Haisemi lolote juu ya nani alale na mtoto, nani amwamshe aende shule. Swali hilo ni la mahakama ya watoto, chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na ndugu yeyote anayemtunza mtoto anaweza kupeleka maombi huko. Kwa hiyo bibi asisubiri mirathi iishe. Afungue maombi yake, na aombe amri ya muda kwamba watoto wasihamishwe hadi shauri lisikilizwe.

Sasa mila inasema nini? Matangazo ya Sheria za Mila ya mwaka 1963 yanawahusu watu wanaofuata ukoo wa baba, na ndiyo baba mdogo anayoyaegemea: mtoto ni wa ukoo wa baba yake. Kwa Waluguru, wanaohesabu ukoo kwa mama, mjomba angesimama na dai hilohilo kwa nguvu zilezile. Hakimu halidharau dai la namna hii. Analipima, lakini Sheria ya Mtoto, kifungu cha 4, imeweka maslahi ya mtoto kuwa jambo la kwanza katika kila uamuzi unaomhusu, na mila ikigongana na sheria ya Bunge, inapisha.

Maslahi hayo hayapimwi kwa hisia. Sheria inamtaka hakimu aangalie umri na jinsia ya mtoto, maoni yake kama ameyatoa kwa hiari, umuhimu wa kutowatenganisha ndugu, na malezi yasiyokatika. Hapo bibi ana nguvu, mradi alete uthibitisho: kadi ya kliniki ya mdogo, barua ya mwalimu mkuu, barua ya serikali ya mtaa inayoonyesha watoto wameishi naye tangu lini. Afisa ustawi wa jamii atatembelea nyumba zote mbili na kuandika taarifa. Wengi wanamfundisha mtoto maneno ya kusema, na afisa mzoefu hugundua haraka, maana mtoto wa miaka 11 huanza kuzungumza kama wakili.

Bibi naye asikosee. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inachukulia kwamba ni heri mtoto wa chini ya miaka 7 akae na mama yake. Maneno hayo yanamhusu mama. Bibi akiyategemea peke yake, anaachia hoja zake nzuri zaidi.

Ushauri wangu kwa upande wa baba ni huu: yavunjeni madai yenu vipande vipande. Mnataka mtoto ajue ukoo wake, atumie jina la baba, ahudhurie misiba na matambiko, asipoteze shamba la babu? Yote hayo yanawezekana akiwa kwa bibi. Ombeni haki ya kumtembelea na likizo fulani Mwanza, tena tarehe ziandikwe, kwa sababu amri isemayo tu “ataruhusiwa kuwaona” huzaa ugomvi mpya kila Desemba.

Ile kodi ya shilingi 150,000 kwa mwezi isimamiwe kwenye jalada la mirathi. Msimamizi wa Mahakama ya Mwanzo anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali na hesabu, Fomu namba V na VI, ndani ya miezi minne. Asipofanya hivyo, bibi kwa niaba ya warithi anaweza kuomba aitwe ajieleze, na akishindwa, aondolewe. Mara nyingi, ikishaamriwa kwamba kodi iingie kwenye akaunti ya watoto na kulipa ada na matibabu, anayewataka kwa ajili ya nyumba hupoa, na anayewapenda hubaki akiuliza ratiba ya likizo.

Amri ya malezi nayo si ya milele. Bibi akiugua au akizeeka asiweze tena, baba mdogo arudi mahakamani na taarifa mpya ya ustawi wa jamii, na shauri litasikilizwa upya.