Methali na Vitendawili vya Wazee: Mradi wa Darasa la Tano

Walimu wenzangu, karibuni. Niko hapa Mikindani, Mtwara, na leo tunakusanya methali na vitendawili kutoka kwa wazee, kisha tunavipanga kwa dhamira. Kwenye kupanga ndiko watoto wanakopotea, kwa hiyo huko tutakaa zaidi.

Anza na kadi. Kunja karatasi ya manila katikati mara nne, ifungue, kata kwenye mikunjo. Unapata kadi 16. Kila kadi ibebe methali moja au kitendawili kimoja.

Mtoto aende kwa bibi au babu jioni, kazi zikiisha. Msimu wa korosho hapana, wazee wanarudi hoi. Akishaamkia, asiseme, "Bibi, nipe methali." Bibi atatoa mbili tatu, halafu atakwama. Amuulize tukio: "Bibi, mtu akikataa kuonywa akaumia, huwa mnamwambiaje?" Hapo atapewa "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu", na kisa juu yake. Kwa vitendawili, mtoto ndiye aanze: "Kitendawili!" Bibi ataitika, "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Yai. Baada ya hapo bibi naye atatega, na hatanyamaza upesi.

Aandike maneno kama yalivyosemwa, hata kitabuni yakiwa tofauti kidogo. Akiambiwa kwa Kimakonde au Kimwera, aandike hivyohivyo, maana ikae chini yake. Nyuma ya kadi ajibu swali moja: husemwa wakati gani?

Jibu hilo ndilo litakalotupangia. Tazameni mezani: "Maji usiyoyafika hujui wingi wake", "Maji yakimwagika hayazoleki", "Maji ya kifuu bahari ya chungu". Watoto watazirundika fungu moja, la maji. Waambie wageuze kadi. Ya kwanza huambiwa anayelivamia jambo asilolijua: tahadhari. Ya pili husemwa jambo likishaharibika: majuto. Ya tatu yasema kilicho kidogo kwako, kwa sisimizi ni bahari: tofauti za uwezo. Mafungu matatu.

Kinyume chake, "Haraka haraka haina baraka" na "Ngoja ngoja huumiza matumbo" zinapingana, lakini fungu lake ni moja, matumizi ya muda. Nazipenda hizi kwa mjadala. Uliza: korosho zimeanikwa, wingu limetanda, utamwambia mwenzako ipi?

Vitendawili vipange kwa jibu. "Kuku wangu katagia mibani" ni nanasi, basi iende kwenye matunda na mimea, si kwenye ndege. Mzee akitoa jibu lisilo la kitabuni, andika yote mawili.

Fungu likibaki na kadi moja, huenda jina lake ni finyu mno, jaribu kuliunganisha na jirani yake. Kadi inayofaa mafungu mawili inakiliwe, ikae kote kuwili. Ukutani tumia pini, gundi iache, maana kadi zitahamahama mpaka wiki ya mwisho.