Insha Imebadilika Ghafla: Kabla Hujamwita Mwanafunzi

ZUHURA: Karibuni. Leo tuna mfano mmoja mezani. Mwanafunzi wa kidato cha tatu, katika insha zake mbili za nyuma, aliandika "maji imekwisha", "visima imekauka". Sasa ameleta ya tatu, ameiandikia nyumbani, na upatanisho wote umenyooka. Mwalimu Baraka, ukishuku kwamba ameandikiwa na mtu mwingine, unaanzia wapi?

BARAKA: Naanzia kwenye daftari, simwiti kwanza. Natafuta kazi mbili za nyuma, na moja iwe aliyoiandika darasani mwalimu akiwepo. Tena ziwe za aina moja. Ukilinganisha insha ya hoja na barua ya kirafiki, utaona tofauti hata kama mwandishi ni yuleyule.

ZUHURA: Wengi hushtushwa na msamiati. Wakiona "mustakabali", wameshaamua.

BARAKA: Hapo ndipo tunapowaonea watoto. Neno jipya mtu hulipata kwa siku moja, redioni au kitabuni. Upatanisho wa ngeli ni mazoea ya miaka, haunyooki kwa wiki mbili. Kwa hiyo nahesabu: kosa la "imekwisha" limetokea mara tano katika insha ya pili, na katika ya tatu halipo kabisa. Hata hivyo, hilo halithibitishi udanganyifu. Huenda dada yake alimsahihishia. Na sisi, je, tulikuwa tumewaambia kwamba msaada huo hauruhusiwi?

ZUHURA: Ukimwita, unamwambiaje?

BARAKA: Tunakaa wawili, wenzake wasisikie. "Nieleze ulivyoiandika insha hii, tangu mwanzo." Sisemi "nani kakuandikia?", kwa sababu hapo nimeshamhukumu. Naomba rasimu kama anayo. Halafu nachagua sentensi moja nzito, anifafanulie kwa maneno yake.

ZUHURA: Akinyamaza? Mtoto aliyelelewa asibishane na mkubwa atainamisha kichwa tu.

BARAKA: Kunyamaza si kukiri. Namwachia mpaka kesho, au aniandikie maelezo yake. Baadaye nampa dakika 20 aandike aya moja juu ya jambo linalokaribiana na mada ya insha, tuseme kisima cha kijiji. Nisimrudishie mada ileile, huenda ameikariri. Makosa ya haraka nayasamehe, maana kazi ya nyumbani lazima iwe safi zaidi. Ninachotazama ni lile kosa lake la siku zote.

ZUHURA: Tuseme limerudi, mara nne katika mistari kumi.

BARAKA: Basi alama zinasubiri, lakini siweki sifuri. Naandika nilichokiona na alichonijibu, nampelekea mwalimu wa taaluma. Siandiki "amenakili", kwa sababu sijaona aliponakili. Naandika: "Upatanisho wa insha ya tatu haulingani na wa kazi za darasani."

ZUHURA: Na akisema kweli dada alimsahihishia?

BARAKA: Naomba karatasi ya kabla ya masahihisho. Ikiwa ipo, na hoja ni zilezile kwa mpangilio uleule, mawazo ni yake. Nasahihisha hiyo, na makosa yake ya ngeli yakiwemo.